Boksi la tui la nazi: asilimia ya nazi si asilimia ya mafuta

Maboksi ya nazi hufanana sana rafuni: picha ya nazi iliyopasuliwa, rangi nyeupe na kijani, na neno nazi kwa herufi kubwa. Kilichomo ndani kinaweza kutofautiana kwa mafuta zaidi ya mara kumi. Ukweli umeandikwa nyuma ya boksi, lakini zipo dhana kadhaa zinazowafanya watu wausome vibaya.

Dhana: Penye asilimia kubwa ya nazi ndipo penye mafuta mengi.

Hii ndiyo inayopotosha wengi, tena wale wanaojitahidi kusoma lebo. Asilimia iliyoandikwa kwenye orodha ya viambato hueleza ni sehemu gani ya boksi iliyo nazi iliyokamuliwa. Haielezi nazi hiyo ilikamuliwa nzito kiasi gani. Ikikamuliwa bila maji, au kwa maji machache, hutoka nzito, na mafuta huweza kufika karibu theluthi ya uzito wake. Ikikamuliwa kwa maji mengi, au machicha yakirudiwa, hutoka nyepesi. Zote mbili huandikwa vilevile kwenye orodha.

Chukua maboksi mawili. La kwanza limeandikwa nazi iliyokamuliwa 60% na maji, na jedwali la virutubisho linaonyesha gramu 17 za mafuta kwa kila mililita 100. La pili limeandikwa nazi iliyokamuliwa 80% na maji, lakini mafuta yake ni gramu 15. Gawanya 17 kwa 0.60 utapata takriban 28: hiyo ndiyo nguvu ya nazi iliyotiwa kwenye boksi la kwanza, yaani gramu za mafuta katika kila mililita 100 za nazi hiyo kabla ya kuongezwa maji. Gawanya 15 kwa 0.80 utapata takriban 19. Boksi la pili limejazwa nazi nyingi zaidi lakini nyepesi zaidi, na ukilipika mchuzi wake utakuwa mwepesi kidogo kuliko wa lile la 60%.

Kwa hiyo anza na mstari wa mafuta kwa mililita 100, kisha ndipo usome asilimia. Asilimia husaidia zaidi unapolinganisha bidhaa za kiwanda kimoja, kwa kuwa hapo nazi hukamuliwa kwa namna moja.

Dhana: Tui na krimu ni kitu kimoja, tofauti ni jina tu.

Kiwango cha Kodeksi, yaani mkusanyo wa viwango vya kimataifa vya chakula, namba 240 cha mwaka 2003, kinazitenganisha kwa mafuta. Tui jepesi liwe na mafuta yasiyopungua 5%, tui la kawaida 10%, krimu 20%, na krimu iliyokolezwa 29%. Ukizikumbuka namba hizi, jina lililo mbele halitakusumbua. Boksi lenye gramu 17 ni tui zuri lililo katikati ya tui na krimu. Lenye gramu 22 ni krimu.

Kinywaji cha nazi hakifikii hata daraja la chini kabisa. Mafuta yake kwa kawaida ni gramu moja au mbili kwa mililita 100, na orodha ya viambato huanza na maji. Mfano: maji, tui la nazi 6%, kisha chumvi, madini ya kalisi, vitamini na vya kuzitisha, mafuta gramu 1.2. Namba hizo zinakubaliana, maana 6% ya tui lenye mafuta 20% ni 1.2 kamili. Mtu akitaka kupikia kinywaji hicho badala ya tui, ajue kwamba mililita 400 za tui lenye gramu 17 zina gramu 68 za mafuta, na kuyapata mafuta hayo kwenye kinywaji kungehitaji zaidi ya lita tano na nusu. Kukichemsha kwa muda mrefu hakutakigeuza kuwa tui. Ni kinywaji cha kunywa, kutia kwenye chai au kumwagia nafaka, na kwa kazi hiyo kinafaa.

Dhana: Tui jepesi hutengenezwa kwa namna maalumu inayoondoa mafuta.

Mara nyingi ni tui lililoongezwa maji, pamoja na kiambato cha kuzitisha ili lisionekane la maji. Mililita 400 za tui jepesi lenye gramu 6 zina gramu 24 za mafuta. Mafuta hayohayo yamo katika mililita 140 hivi za lile tui la gramu 17. Ongeza maji mililita 260 nawe umepata tui jepesi mwenyewe. Linganisha bei kabla ya kuchagua.

Dhana: Likiwa zito, lina nazi nyingi, likijitenga, limeharibika.

Uzito wa kuonekana hutoka pia kwenye gundi ya guari, yaani E412, au selulosi iliyobadilishwa, E466. Gundi kidogo inaweza kulipa tui la maji sura ya krimu. Kwa upande wa pili, tui lisilo na viambato hivyo hujitenga lenyewe: mafuta hupanda juu, maji hubaki chini, na kwenye ubaridi wa chini ya nyuzi 24 hivi mafuta huganda kuwa tabaka jeupe. Litie kwenye bakuli la maji ya moto, kisha tikisa. Lililoharibika utalijua kwa harufu ya uchachu, kwa rangi iliyobadilika, au kwa boksi lililovimba; hilo tupa bila kuonja.

Dhana: Nazi ina utamu wake, kwa hiyo sukari iliyoandikwa ni ya asili.

Kwenye tui, ndiyo. Gramu 2 au 3 kwa mililita 100 zinaweza kutoka kwenye nazi yenyewe. Kwenye kinywaji hesabu inakataa. Kikiwa na tui 6%, sukari ya asili haifiki hata robo gramu. Jedwali likionyesha gramu 2.7, karibu yote imetoka kwingine, na glasi ya mililita 250 inakupa gramu 7 hivi.

Tafuta imetoka wapi. Huenda ni sukari, sharubati au juisi ya matunda iliyokolezwa. Huenda pia ni mchele: katika vinywaji vya nazi na mchele, wanga wa mchele hukatwakatwa na vimeng'enya ukawa sukari humohumo kiwandani. Ndiyo maana boksi linaweza kuandika kwamba halikuongezwa sukari, na bado jedwali lionyeshe sukari. Kauli hiyo si sawa na kusema hakuna sukari. Kwa kauli ya pili, kiwango cha Kodeksi ni kisichozidi gramu 0.5 kwa gramu 100.

Krimu ya nazi iliyotiwa sukari, ile ya kuchanganyia vinywaji na vitindamlo, ni bidhaa nyingine kabisa. Sukari huwa kati ya viambato vya kwanza, na huzidi mafuta. Usiitie kwenye mchuzi kwa kudhani ni krimu ya kupikia.

Dhana: Mafuta ya nazi ni ya mmea, kwa hiyo si yale mafuta yanayoganda.

Kwenye jedwali, chini ya mafuta yote, upo mstari wa mafuta yaliyoshiba, ambayo huganda kirahisi na ndiyo ambayo walioshauriwa na daktari kuhusu lehemu huambiwa wayapunguze. Katika nazi huwa kati ya 80% na 90% ya mafuta yote. Tui la gramu 17 litaonyesha takriban gramu 15.

Mstari huu hukusaidia pia kugundua mchanganyiko. Ukiona gramu 17 za mafuta na 8 tu zilizoshiba, humo si mafuta ya nazi peke yake. Rudi kwenye viambato utafute mafuta ya alizeti, mawese au mengineyo. Kipimo hiki hakigundui mafuta ya kiini cha mawese, kwa kuwa nayo hushiba karibu sawa na ya nazi. Hapo orodha ya viambato ndiyo pekee inayoweza kukujibu.