Mashine ikisoma karatasi za mizani: dhana potofu kuhusu ukaguzi wa sampuli

Kwenye mialo mingi ya Ziwa Victoria, samaki akishuka kwenye mtumbwi anapita mizani, na karani anajaza karatasi kwa mkono: tarehe, namba ya chombo, aina ya samaki, kilo, bei. Siku hizi karatasi hiyo inaweza kupigwa picha kwa simu na kutumwa mjini Mwanza, ambako programu inasoma mwandiko na kuingiza tarakimu kwenye jedwali, usiku na mchana, bila mtu kuketi mbele yake. Picha zikifika elfu kadhaa kwa mwezi, hakuna anayeweza kuzipitia zote. Mtu anakagua chache, na kutokana na hizo chache anatamka kwamba jedwali zima linaaminika au haliaminiki. Namna hizo chache zinavyochaguliwa ndiyo inayoamua kama ana haki ya kutamka hivyo, na hapo ndipo dhana nyingi potofu zimejikita.

Dhana: “Tukague zile ambazo mashine yenyewe ina shaka nazo”

Programu nyingi za kusoma mwandiko hutoa alama ya uhakika kwa kila tarakimu. Ni kawaida kuweka kiwango, tuseme 0.80, na kila karatasi iliyo chini yake ikapelekwa kwa mtu. Hiyo ni foleni nzuri ya marekebisho na isiachwe. Lakini kuiita ukaguzi ni kosa, kwa sababu inaonyesha tu makosa ambayo mashine inajua kwamba huenda imeyafanya.

Makosa yanayoumiza ni yale ambayo mashine inayafanya kwa kujiamini. Chukua mwalo mmoja wa kisiwani ambako karani mpya ameanza kazi. Saba yake haina kistari katikati, na mkono wake wa juu ni mfupi. Mashine inaiona ni moja, tena moja safi kabisa, na inaipa alama 0.97. Kilo 70 za sangara zinaingia kama kilo 10, na 47 inaingia kama 41. Hakuna karatasi hata moja ya aina hiyo itakayofika kwenye foleni ya shaka. Kitakachoifikisha mbele ya macho ya mtu ni sampuli nasibu, yaani ile ambayo kila karatasi ina nafasi ya kuchaguliwa inayojulikana mapema, ziwe zinatia shaka au hazitii. Foleni ya shaka na sampuli nasibu zinahitajika zote mbili, na matokeo yake yasichanganywe kwenye hesabu moja.

Dhana: “Asilimia 2 ya kila kitu inatosha”

Asilimia inasikika kama kipimo cha haki, lakini inachokuambia ni kidogo. Kinachotoa uhakika ni idadi ya karatasi ulizokagua. Kuna kanuni fupi inayofaa kukaa kichwani: ukikagua karatasi 60 za nasibu usione kosa lolote, bado kiwango halisi cha makosa kinaweza kufika karibu asilimia 5. Ukikagua 300 bila kosa, kinaweza kufika asilimia 1. Gawanya 3 kwa idadi uliyokagua, unapata ukomo huo kwa uhakika wa asilimia 95. Kama mzigo wenyewe ni karatasi 10,000 au 100,000, jibu halibadiliki kwa kiasi cha kuhangaikia.

Tatizo kubwa zaidi la asilimia moja kwa wote ni kwamba inawasahau wadogo. Tuchukue mfano wa karatasi 6,000 kwa mwezi. Kati yake 5,700 zinatoka mialo mikubwa ya karibu na mji, na 300 tu zinatoka visiwani. Asilimia 2 inakupa karatasi 120 za kukagua, na za visiwani ni 6 hivi. Ikiwa karatasi moja kati ya tano za visiwani ina kosa kwa sababu ya ile saba, uwezekano wa karatasi hizo 6 kutokuwa na kosa hata moja ni kama asilimia 26. Kwa maneno mengine, karibu mwezi mmoja kati ya minne mkaguzi anaandika “safi” huku karatasi 60 za kisiwani zikiwa zimeharibika.

Kwa kazi ileile ya karatasi 120, gawanya tofauti: 90 kutoka mialo mikubwa na 30 kutoka visiwani. Sasa uwezekano wa kulikosa kosa hilo la visiwani unashuka chini ya asilimia 1. Ila hapa kuna mtego wa hesabu. Tuseme umekuta kosa 1 kwenye zile 90 na makosa 6 kwenye zile 30. Ukijumlisha ovyo unapata 7 kwa 120, karibu asilimia 6, na hiyo si hali halisi, kwa kuwa visiwa umevikagua kwa wingi kuliko uzito wake. Rudisha kila kundi kwenye ukubwa wake: 1 kwa 90 ya karatasi 5,700 ni kama 63, na 6 kwa 30 ya karatasi 300 ni 60. Jumla ni 123 hivi kati ya 6,000, yaani asilimia 2 na kidogo. Mimi naona taarifa ya mwezi iandike namba zote mbili, ya jumla na ya kila kundi, kwa sababu ile ya jumla peke yake ingemficha karani wa kisiwani.

Dhana: “Tarehe 15 ya kila mwezi tukae, tukague, tumalize”

Siku maalumu ni rahisi kupanga, na ndiyo maana inapendwa. Lakini ziwa lina kalenda yake. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na kwenye mbalamwezi kali taa haziwavuti vizuri, kwa hiyo wavuvi wengi wa dagaa hupumzika mpaka giza lirudi. Karatasi za siku za giza zimejaa dagaa, na za siku za mbalamwezi zina sangara na sato zaidi.

Mzunguko wa mwezi angani ni siku 29.5, na mwezi wa kalenda ni wastani wa siku 30.4. Tofauti haifiki siku moja. Ni tofauti hiyohiyo inayofanya Ramadhani irudi nyuma siku 10 au 11 tu kwa mwaka mzima. Kwa hiyo anayekagua karatasi za tarehe 15, ikiwa mara ya kwanza imeangukia mbalamwezi, ataendelea kuangukia mbalamwezi au jirani yake kwa miezi kadhaa mfululizo. Kama programu inakosea kusoma safu ya dagaa, nusu mwaka unaweza kupita bila yeye kukutana na karatasi za kutosha za dagaa kuligundua hilo. “Kila karatasi ya kumi” nayo ina hatari ya namna hiyo, pale karatasi zinapotumwa kwa vitabu vya kurasa kumi kumi.

Njia iliyo salama ni kuiacha kila karatasi iamuliwe peke yake inapofika, kabla programu haijaisoma, kwa namba inayotokana na kitambulisho chake na neno la siri:

```python
import hmac, hashlib

def imechaguliwa(kitambulisho, siri, kiwango):
    h = hmac.new(siri.encode(), kitambulisho.encode(), hashlib.sha256).digest()
    return int.from_bytes(h[:8], "big") / 2**64 < kiwango
```

Kiwango kinaweza kuwa 0.1 kwa visiwa na 0.016 kwa mialo mikubwa, nawe utapata karibu 30 na 91 kwa mfano wetu. Anayetuma picha hawezi kutabiri ipi itakaguliwa. Mkaguzi naye hawezi kuiruka iliyo ngumu kusomeka akachukua jirani yake, kwa kuwa yeyote mwenye siri anaweza kurudia hesabu mwezi unaofuata na kupata orodha ileile.

Zingatia hilo la “inapofika”. Wanaochagua sampuli kutoka kwenye jedwali lililokamilika hawawezi kamwe kuona picha iliyopokelewa ikapotea njiani. Orodha ya kuchagulia ni ya picha zilizopokelewa.

Dhana: “Kukagua ni kuangalia kama mashine imepatia”

Mkaguzi akiwekewa picha na jibu la mashine kando yake, jicho linakubali kabla halijasoma. Karani mmoja wa Kirumba aliyepewa kazi hiyo aliniambia waziwazi: “Kaka, nikiona imeandika 18, na mimi naiona 18.” Hakuwa mvivu, ndivyo watu wote tulivyo. Dawa yake ni kuficha jibu la mashine. Mkaguzi anaandika anachokiona kwenye picha, na kompyuta ndiyo inayolinganisha baadaye. Inachukua muda mrefu zaidi kwa kila karatasi, na kama muda hautoshi ni afadhali kukagua karatasi chache kwa njia hii kuliko nyingi kwa ile ya kutikisa kichwa.

Kadiri miezi inavyokwenda na makosa yanavyokuwa machache, umakini wa mkaguzi nao hushuka. Miezi minne ya sifuri inaweza kuwa habari njema, au inaweza kuwa mkaguzi amechoka. Ili kuzitenganisha, ingiza kwenye rundo lake karatasi chache ambazo watu wawili wamekwisha kuzisoma na kukubaliana, na ambazo mashine inajulikana kuzikosea. Aambiwe kwamba zimo, asiambiwe ni zipi. Akizikamata 9 kati ya 10, sifuri yake ina uzito. Akizikamata 5, makosa halisi yanaweza kuwa mara mbili ya aliyoyaripoti.

Dhana: “Kosa likipatikana, lirekebishwe, tusonge mbele”

Kurekebisha karatasi 6 zilizoonekana kunaziacha nyingine 54 za mwezi huo zikiwa vilevile, pamoja na za miezi iliyopita. Kosa la sampuli linapaswa kufunguliwa faili: ni mwalo gani, tarakimu gani, toleo gani la programu, mwandiko wa nani. Kwa ile saba, chukua karatasi 20 nasibu za mwalo huo kutoka wiki ya miezi mitatu nyuma. Zikiwa safi, nenda katikati, wiki ya sita, kisha katikati tena, mpaka wiki ambayo kosa lilianza ijulikane. Linganisha wiki hiyo na mambo mawili: siku karani mpya alipoanza na siku programu ilipobadilishwa. Tangu hapo, karatasi zote za mwalo huo zenye moja kwenye safu ya kilo zisomwe upya na mtu.

Haya yote yanawezekana tu kama picha za awali zipo bado. Ofisi inayofuta picha baada ya siku 30 ili kuokoa nafasi itajua kwamba jedwali lake lina kosa tangu Machi, na haitakuwa na pa kusoma kilo za kweli.