Ukiweka 180 mahali pa π, bado hujapona

Wiki hii mwanafunzi mwingine kaniambia: "Mwalimu, kikokotoo kikiwa kwenye digrii hakuna neno, mahali pa π unaweka tu 180." Nimeisikia kauli hii mara nyingi mno, nami nimechoka kuijibu mmoja mmoja.

Chukua intigrali ya sin(x) kutoka 0 hadi π. Jibu ni 2. Weka kikokotoo Deg, uiandike ilivyo: kitakupa 0.0861, kwa sababu kimeisoma π kama digrii 3.14. Haya, badili mpaka wa juu uwe 180. Sasa kinasema 114.59! Kimo cha mchoro bado ni 1, lakini kitako kimevutwa kutoka 3.14 hadi 180, na eneo limevutika pamoja nacho, mara 57.3. Zidisha 114.59 kwa π/180 ndipo utairudia 2 yako.

Najua imani hii inakotoka. Kwenye karatasi unaintigreti kwanza, unapata -cos(x), kisha unaweka 180 kwenye Deg na 2 inatoka. Imetoka kwa kuwa cos ya digrii 180 na cos ya radiani π ni kitu kimoja. Lakini -cos(x) yenyewe uliipata kwa kanuni ya radiani. Jaribu x sin(x) kwenye mipaka ileile. Unapata -x cos(x) + sin(x). Ukiweka 180, ile x iliyosimama nje ya cos inakupa 180, na jibu sahihi ni π. Hapo hila imekwisha.

Nikisahihisha swali la kwanza nampa maksi zote aliyetumia 180, na kila mara nabaki na wasiwasi: nimelipa hesabu sahihi au nimelipa bahati?

Kinachonitisha zaidi ni kosa lisiloonekana. 114.59 inajipigia kelele: mchoro unaingia wote ndani ya mstatili wa 3.14 kwa 1, eneo litapitaje hapo? Lakini intigrali ya cos(x) kutoka 0 hadi π/4 jibu lake ni 0.7071, na kikokotoo kilicho kwenye Deg kinasema 0.7854. Nani atashtuka? Pembe zote hizo ni chini ya digrii moja, cos yake ni kama 1, kwa hiyo umepimiwa upana wa π/4 tu. Nimeona mwanafunzi akifurahia kabisa kwamba "imetoka π/4".

Kwa hiyo kabla ya intigrali yoyote ya namna hii, bonyeza sin(π÷2). Ikija 1, endelea. Ikija 0.0274, uko kwenye Deg. Kwa fx-991ES PLUS ni SHIFT, MODE, kisha 4, na herufi ndogo R itatokea juu ya kioo. Ukihamia maswali ya nguvu yenye pembe za digrii 30, irudishe Deg.