Mtande, mshindio na ukingo: isome khanga kabla ya kushika mkasi

Msimu wa sherehe ukipita, dawati la malalamiko la karakana yetu ya ushonaji hupokea sketi na magauni ya khanga yenye kasoro ya aina moja. Nguo ilikaa vizuri siku ya kuvaliwa, ikafuliwa, kisha mshono wa ubavuni ukajikunja na upindo wa chini ukawa mrefu mbele kuliko nyuma. Mteja humlaumu fundi, fundi hulaumu cherehani, na mwanagenzi huambiwa akaze uzi wa chini. Cherehani haina kosa hapo. Kosa lilifanyika mezani, wakati wa kukata, na mara nyingi aliyekata ni mwanagenzi ambaye hakufundishwa kuzitambua nyuzi.

Kila kitambaa kilichofumwa kina nyuzi za aina mbili. Za kwanza ni nyuzi za mtande. Hizi hutangulia kufungwa kwenye mtambo, zikavutwa na kukazwa kwa urefu wote wa kitambaa, na hupakwa dondo ili zihimili msuguano wakati wa kufuma. Za pili ni nyuzi za mshindio, zinazopitishwa kutoka upande hadi upande, juu ya mtande mmoja na chini ya mwingine. Pale mshindio unapofika pembeni na kugeuka, au unapokatwa na kufungwa katika mitambo mipya isiyotumia kipisi cha kupitishia uzi, ndipo penye ukingo. Ukingo ni ule utepe mwembamba uliokazana, usiofumuka hata ukiuacha bila kuupinda. Kwenye vitenge na khanga nyingi ndipo linapochapwa jina la kiwanda.

Kutokana na hayo, mwanagenzi ashike jambo moja: mtande hukimbia sambamba na ukingo, na mshindio hukatiza kutoka ukingo mmoja hadi wa pili. Ukingo ukiwepo, huna haja ya kubahatisha. Ukiwa na kipande kisicho na ukingo, kivute taratibu pande zote mbili. Upande unaonyooka kidogo zaidi kwa kawaida ni wa mshindio, kwa sababu mtande ulikwisha kuvutwa tangu mtamboni. Ukikivuta kwa ghafla kati ya vidole vyako, upande wa mtande hutoa mlio mkavu, na upande wa mshindio hutoa mlio mzito uliofifia. Ukivuta kwa mshazari, kutoka pembe hadi pembe, kitanyooka kuliko pande zote mbili. Huko hakuna mtande wala mshindio.

Sasa twende kwenye khanga yenyewe, maana ndiyo inayowachanganya wengi. Khanga moja ina urefu wa karibu sentimita 150 na upana wa karibu 110. Zile pande ndefu ndizo zenye ukingo, na ndiyo sababu anayenunua doti hupinda zile pande fupi tu zilizokatwa. Jina la khanga, yaani yale maandishi, limechapwa likifuata upande mrefu. Maana yake ni kwamba jina linakwenda na mtande. Ukiishika khanga jinsi mwanamke anavyojifunga, mtande unazunguka mwili na mshindio unasimama wima. Wengi wanadhani kinyume chake kwa sababu wanatazama maua badala ya kutazama uzi.

Mteja anapotaka jina lionekane chini ya sketi mbele, fundi hana budi kukata kipande cha mbele mtande ukiwa umelala. Hilo linakubalika. Tatizo ni kipande cha nyuma. Ili kubana kitambaa, mwanagenzi hukigeuza na kukata nyuma mtande ukiwa umesimama, kisha huviunganisha viwili hivyo ubavuni kana kwamba ni kitu kimoja.

Fanya hesabu uone. Pamba ambayo haikurudishwa kiwandani inaweza kurudi asilimia 4 upande wa mtande inapofuliwa mara ya kwanza, huku upande wa mshindio ukirudi pungufu ya hapo, tuseme asilimia 1. Sketi ina urefu wa sentimita 90. Nyuma, mtande umesimama, kwa hiyo urefu unapungua sentimita 3.6. Mbele, mshindio ndio uliosimama, urefu unapungua sentimita 0.9 tu. Mshono mmoja wa ubavuni sasa umeshika vitambaa viwili vinavyotofautiana kwa sentimita 2.7, na huo ndio mkunjo unaoletwa kwetu. Upana nao hugeuka: kipande cha mbele ndicho kinachobana zaidi, na mteja anasema kiuno kimempungukia.

Kinachotakiwa kufanywa ni hiki. Iloweke khanga nzima katika maji usiku mmoja, ianike bila kuikamua kwa nguvu, kisha ipige pasi kwa kufuata mtande, si kwa mshazari. Hatua hii hairukwi kwa kisingizio kwamba mteja ana haraka. Mwambie bei na siku kabla hujapokea kazi. Kisha kata mbele na nyuma mtande ukielekea upande mmoja. Ikiwa kitambaa hakitoshi, kata sketi yote mtande ukiwa umesimama, na ule ukanda wa jina ukate peke yake na kuushonea chini. Ukanda huo mtande wake umelala, kwa hiyo bila kulowekwa kwanza utaivuta sketi na kuikunja.

Kabla ya chaki, nyoosha ncha. Kata kidogo kwenye ukingo, kama sentimita moja, shika uzi mmoja wa mshindio na uuvute polepole. Utaacha mstari mwembamba kama njia, na mkasi ufuate mstari huo. Hapo ndipo utakapogundua kama uchapaji ulikwenda upande. Utakuta pindo lina vidole vitatu kwenye pembe moja na viwili kwenye nyingine. Kama kitambaa chenyewe kimepinda, kiloweshe na ukivute kwa mshazari wa upande uliopungua mpaka pembe zikutane. Kama nyuzi zimenyooka ila maua ndiyo yamechapwa upande, hakuna dawa. Acha kukata, mwite mteja aone mwenyewe, kwa sababu doti ikishatiwa mkasi muuzaji hawezi tena kuipokea.

Kuhusu ukingo, tunaona mafundi wakiutumia ndani ya mshono ili wasipige overloki. Ukingo umekazwa kuliko kitambaa kingine na haurudi sawa nacho, hivyo mshono huvutika. Ukate wote. Ukilazimika kuubakiza, utie mkato mdogo kila baada ya sentimita 5 hivi.

Kwa walio na malalamiko: leta nguo, mabaki ya kitambaa na karatasi ya vipimo. Mabaki ni lazima, na kipande kimoja kiwe na ukingo, kwani bila huo hatuwezi kuthibitisha mwelekeo wa mtande kwa namna isiyobishaniwa. Mkaguzi hufumua sentimita chache za mshono wa ubavuni, huhesabu nyuzi za mbele na za nyuma, kisha huloweka kipande cha mabaki cha sentimita 20 kwa 20 na kukipima kikikauka. Vipande vikiwa vimekatwa kwa mielekeo tofauti bila mteja kuarifiwa kwa maandishi, gharama ya kitambaa na ya kushona upya ni ya fundi mwenye karakana. Mwanagenzi hakatwi posho kwa kosa hilo. Fundi aliyempa mkasi ndiye aliyepaswa kukagua alama za chaki, na fomu yetu ina nafasi ya saini yake, si ya mwanagenzi.