Kadi 11 zimekamilika, za kuonyesha ni 3

Kila baada ya wiki mbili, jioni ya kuamkia mkutano wa kukagua sprinti, yaani kazi ya timu ya wiki hizo mbili, nafungua Jira, programu tunayowekea kadi za kazi, na kuandika hivi:

```
project = BOTI AND sprint in openSprints()
AND statusCategory = Done
AND issuetype not in subTaskIssueTypes()
```

Mstari wa mwisho unaondoa kazi ndogondogo zilizo chini ya kadi kubwa, maana zikiingia orodha inavimba bure.

Timu yetu inatengeneza mfumo wa tiketi za boti hapa Lamu: za kwenda Mokowe, Manda, na zile za upande wa Pate. Wanaokuja kukagua ni wenye boti, manahodha wawili watatu na karani wa gatini. Tunakaa nao dakika 60, kisha kuna anayewahi swala na kuna anayewahi maji.

Sprinti iliyopita nilipata kadi 14, na si zote za kuaminiwa. Hiyo `Done` inamaanisha tu kwamba kadi imefungwa. Mbili tulizifunga kwa sababu wenye boti walibadili nia. Zina alama ya `Won't Do`, lakini bado huja pamoja na zilizofanywa. Ya tatu ilikuwa imeandikwa na kupitiwa vizuri, ila haijafika kwenye seva ya majaribio. Mwongozo wa 2020 wa Skramu, utaratibu wa kazi tunaoufuata, hauna huruma hapo: kazi isiyotimiza masharti ya ukamilifu mliyokubaliana haionyeshwi kwenye mkutano huu. Kijana aliyeifanya alinuna kidogo, kisha akairudisha mwenyewe kwenye orodha ya zinazongoja.

Zikabaki 11. Zamani ningezionyesha zote, nikianza na iliyotutoa jasho zaidi. Kuna siku nilitumia dakika 20 kueleza tulivyohamisha hifadhidata, na mwenye boti mmoja akauliza kwa upole, "Kwa hivyo tiketi itatoka haraka zaidi?" Haingetoka haraka zaidi. Tangu hapo kila kadi naiuliza swali moja: je, mle chumbani kuna mtu anayeweza kuniambia nimekosea? Kama hayupo, kadi inatajwa kwa sentensi moja na tunaendelea. Kwa kipimo hicho kadi 5 za mambo ya ndani ya seva zilitoka, na marekebisho 3 ya maandishi kwenye skrini yakafuata.

Kati ya 3 zilizobaki, moja ilikuwa orodha ya abiria anayopewa nahodha kabla ya kung'oa nanga. Hiyo haikuhitaji maelezo. Niliichapisha nikaipitisha mkononi.

Ya pili ilikaribia kuachwa, kwa sababu haina sura. Jibu la malipo ya M-Pesa likitufikia mara mbili, mfumo ulikuwa unatoa tiketi mbili kwa pesa moja. Sasa tunaangalia `CheckoutRequestID` iliyo ndani ya jibu, na ikiwa tumeshaiona hatutoi tiketi nyingine. Kumwonyesha karani namba hiyo ni kumchosha. Nilihifadhi jibu moja la majaribio mapema, nikalituma mara mbili mbele yake, yeye akiangalia skrini yake mwenyewe. Ikatoka tiketi moja. Alicheka, maana ndiye aliyekuwa akigombana na abiria. Faida nyingine ya kutumia jibu lililohifadhiwa ni kwamba demo haitegemei mtandao wa siku hiyo.

Ya tatu, ratiba ya safari za Faza, niliiweka ya kwanza kwa makusudi, ili ipate muda mrefu. Boti za Faza, kule Pate, hupita Mkanda, mkondo mwembamba wa bahari usiopitika maji yakitoka. Maji hujaa kwa kuchelewa takriban dakika 50 kila siku, kwa hiyo ratiba isiyobadilika ni uongo. Tulikuwa tumeweka safari ziruhusiwe kuanzia masaa mawili kabla ya maji kujaa hadi masaa mawili baadaye. Nikafungua wiki nzima kwenye ukuta, nikanyamaza.

Nahodha mkubwa akaitazama kwa muda. "Mwanangu, hayo masaa mawili ni ya boti tupu. Ukinipakia saruji nakwama. Na hiyo Jumatano ni maji mafu, si bamvua. Maji hayapandi sana, umeyahesabu?"

Hatukuwa tumeyahesabu. Tuliangalia saa ya kujaa tu, hatukuangalia kimo. Wenye boti wakaingia, ubishi wa dakika 25 kuhusu mzigo upi unahesabika mzito, na karani akauliza nani atauingiza kwenye mfumo, yeye au nahodha. Nilikuwa nikiandika tu.

Tulitoka na kadi mbili mpya: kimo cha maji kiingie kwenye hesabu, na nahodha aweze kupunguza muda wa kuondoka kwa safari yenye mzigo. Ile ya saruji aliisoma nahodha mwenyewe kabla sijaifunga kompyuta, akanisahihishia neno moja.