Wewe usile, mwenzio anywe maji: maswali kuhusu maandalizi ya ultrasaundi na bariamu

Mimi na wifi yangu tulipangiwa ultrasaundi siku moja. Mimi nikaambiwa nisile tangu usiku, yeye anywe maji na asikojoe. Nani kaelekezwa vibaya?

Wote mmeelekezwa sawa, ila mnaangaliwa sehemu tofauti. Wewe ni tumbo la juu: ini, kongosho na mfuko wa nyongo. Yeye ni nyonga, yaani kizazi na ovari. Mawimbi ya sauti ya kipimo hiki yanakwama kwenye hewa. Ndiyo maana tunakupaka ile jeli ya baridi, ili hewa isibaki kati ya ngozi na kifaa. Utumbo wenye gesi nao unatuzibia vivyo hivyo. Kwa wifi yako, kibofu kilichojaa kinausukuma utumbo pembeni, na mkojo uliomo unapitisha sauti vizuri mpaka kwenye kizazi kilicho nyuma yake. Kwako wewe kufunga kunapunguza gesi, lakini kikubwa zaidi ni mfuko wa nyongo.

Nilikunywa chai ya maziwa kikombe kimoja tu, wakanirudisha. Chai nayo ni chakula?

Ikiwa na maziwa, ndiyo. Pole kwa nauli iliyopotea, lakini ukiona tunachokiona kwenye skrini utaelewa. Mtu akila, hasa mafuta, mfuko wa nyongo hujiminya kumwaga nyongo kwenye utumbo. Maziwa yana mafuta.

Nakumbuka mama mmoja aliyekuja na maumivu chini ya mbavu za kulia. Alikuwa amekula chapati na chai saa moja asubuhi. Mfuko wake ulikuwa umesinyaa kama puto lililotoka upepo, na kuta zilionekana nene, hali ambayo mtu angeweza kuidhania ugonjwa. Kesho yake alirudi akiwa hajala kwa saa nane. Mfuko ulikuwa umejaa, mweusi, umbo kama peasi, na ndani yake vijiwe vitatu, kila kimoja na kivuli nyuma yake. Nilipomgeuza ubavu, vikabingirika. Jana yake nisingeweza kuvisema kwa uhakika.

Kwa hiyo kaa saa 6 hadi 8 bila chakula, kama ulivyoelekezwa. Maji matupu kidogo kwa kawaida hayaharibu kipimo hiki. Bablishi na sigara viache, maana unameza hewa.

Karatasi yangu imeandikwa tumbo na nyonga. Nifunge au ninywe?

Vyote viwili: usile, lakini kunywa maji matupu. Tuseme umepangiwa saa nne asubuhi. Saa mbili na nusu nenda haja ndogo, kisha anza kunywa chupa mbili za nusu lita, uwe umezimaliza saa tatu. Baada ya hapo usikojoe. Foleni ikichelewa na ukazidiwa, tuambie, usiteseke kimya. Mara nyingi tutakuruhusu utoe kidogo na ubakize. Kibofu kilichojaa kupita kiasi nacho kinatusumbua, kwa sababu kinavisukuma viungo mbali. Ukiambiwa kipimo kitafanyika kwa njia ya uke, hapo utatakiwa kukojoa kwanza.

Mama amepangiwa kunywa bariamu. Kaambiwa hata maji asinywe, na ana kisukari. Si atazidiwa?

Bariamu ni dawa nyeupe, nzito kama uji, inayoonekana kwenye eksirei. Kazi yake ni kutandaa kwenye ukuta wa umio na tumbo ili kidonda au uvimbe ujitokeze. Tumbo likiwa na maji, inazimuliwa na haishiki vizuri. Kipande cha chakula kilichobaki kinaweza kuonekana kama uvimbe. Ndiyo sababu ya kufunga tangu usiku.

Kuhusu kisukari una haki ya kuhofu. Ombeni awe wa kwanza asubuhi, na kabla ya siku hiyo mumuulize daktari wake dozi ya asubuhi ifanyweje. Akichoma insulini kama kawaida halafu asile, sukari inaweza kushuka. Akianza kutetemeka na kutoka jasho, apewe kitu cha sukari hapohapo, hata kama kipimo kitaahirishwa. Bebeni chakula ale mara akimaliza.

Kama ni bariamu ya kuingizwa kwa njia ya haja kubwa, maandalizi ni mengine kabisa: siku moja au mbili za vyakula laini na vinywaji, pamoja na dawa ya kuharisha, kwa sababu pale kinyesi ndicho kinachodanganya picha.

Ana ultrasaundi pia. Aanze na ipi?

Ultrasaundi kwanza. Bariamu ikibaki tumboni inazuia mawimbi ya sauti, na itabidi msubiri siku kadhaa. Baada ya bariamu anywe maji mengi, kama daktari hajamzuia kwa ajili ya moyo au figo, maana dawa hiyo inakausha choo. Kinyesi kitakuwa cheupe kwa siku chache. Asipopata choo kwa siku mbili, au tumbo likijaa na kuuma, mrudisheni.