Je, wajua? Setilaiti iliyotulia na ile inayopita mbio

"Kwa nini dishi letu la TV fundi akishalifunga haligeuzwi tena, na yale makubwa ya kituo cha anga cha Ngomeni, karibu na Malindi, yanazunguka?"

Tofauti ni kimo cha setilaiti zenyewe. Iliyo karibu huvutwa sana na dunia, hivyo lazima iende mbio ndipo isianguke. Kadiri unavyopanda, mvuto hupungua, mwendo hupungua na njia ya kuzunguka hurefuka. Kwenye kilomita 600 mzunguko mmoja huchukua kama dakika 97. Kwenye kilomita 35,786 huchukua saa 23 na dakika 56, muda uleule ambao dunia hujizungusha. Setilaiti ikikaa kimo hicho juu ya ikweta, ikielekea mashariki pamoja na dunia, sisi huku chini tunaiona imesimama palepale.

Fundi wa Malindi akilenga setilaiti ya TV iliyo nyuzi 36 mashariki, anaikuta karibu utosini, kwa sababu mji wenyewe uko kwenye nyuzi 40 mashariki na 3 tu kusini mwa ikweta. Ndiyo maana madishi ya huku yameinuka kutazama juu, ilhali ya Ulaya husimama wima ukutani. Setilaiti moja ya namna hiyo huona takriban theluthi ya dunia, kwa hiyo kwa matangazo ya TV haina mfano. Kasoro yake ni umbali. Mawimbi hupanda na kushuka kwa robo sekunde, na ukiuliza kitu kwa simu, jibu hukufikia baada ya nusu sekunde nzima. Mtazamaji wa mpira hatambui, wanaozungumza hukatizana. Ndipo setilaiti za intaneti zikashushwa chini, lakini kwa kuwa kila moja hupita na kwenda zake, zinahitajika kwa maelfu.

Sasa Ngomeni. Kituo hicho kimekuwa kikipokea data za Swift, darubini ya NASA iliyorushwa mwaka 2004 kwenye kimo cha kilomita 600 hivi. Darubini ya namna hiyo haina haja ya kwenda mbali. Inatosha iwe juu ya hewa inayozuia miale ya gamma na eksirei kutoka angani. Tena huko chini inakwepa sehemu kubwa ya mikanda ya mnururisho, yaani chembe kali zilizonaswa na usumaku wa dunia, inayovuruga vipimo vyake. Ila huchomoza magharibi na kuzama mashariki kwa dakika 13 hivi, hata ikipita utosini. Dishi lazima liifuate hatua kwa hatua, na data zote zilizohifadhiwa zishuke kabla haijazama.

Kimo cha chini kina gharama nyingine: bado kuna hewa, japo nyembamba mno, na hiyo huikwaza setilaiti na kuishusha polepole. Setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa kutoka jukwaa la baharini hapo Ngomeni tarehe 12 Desemba 1970, ilishuka hivyo hadi ikaungua mwaka 1979. Zile za TV haziwezi kushushwa na hewa. Zikichakaa husukumwa juu zaidi, kama kilomita 300, zipishe nyingine.