"Nilishapewa siku za ugonjwa": dhana potofu kuhusu fidia ya ajali kazini Kenya

"Nikiumia kazini, napewa siku za ugonjwa, na hapo mambo yamekwisha."

Hii ndiyo inayowanyang'anya watu haki yao kuliko nyingine zote, na mameneja wengi hawana haraka ya kuisahihisha. Likizo ya ugonjwa iko kwenye Sheria ya Ajira ya 2007, na ni ya malaria, homa, mgongo uliokukamata ukiwa nyumbani. Ukishatumikia miezi miwili mfululizo, unapata kwa mwaka angalau siku 7 za mshahara kamili na siku 7 za nusu mshahara, ukileta cheti cha daktari. Ajali ya kazini ina sheria yake ya fidia, Work Injury Benefits Act au WIBA, nayo pia ni ya 2007. Chini ya WIBA, ajali ikikuzuia kufanya kazi siku tatu au zaidi, unalipwa malipo yanayolingana na mapato yako hadi miezi 12. Matibabu, dawa na usafiri wa kwenda hospitali ni juu ya mwajiri.

Chukua mkataji vitambaa wa kiwanda cha Changamwe, mshahara shilingi 30,000 kwa mwezi. Mashine inamkata kidole, anakaa nje siku 42. Akihesabiwa kama mgonjwa wa kawaida, kwa kiwango hicho cha chini cha sheria atapata 7,000 za wiki ya kwanza na 3,500 za wiki ya pili, kisha siku 28 za bure. Jumla 10,500. Akihesabiwa kama majeruhi wa kazini, anadai 42,000. Kisha kuna ulemavu wa kudumu, ambao likizo ya ugonjwa haiujui kabisa: hukokotolewa kwa mapato ya miezi 96 mara asilimia aliyopewa na daktari. Daktari akimpa asilimia 10, ni 30,000 × 96 × 10%, yaani 288,000. Pesa hizo zote huweza kupotea kwa sababu karatasi ya kliniki imeandikwa "jeraha la mkono" tu. Kwa hiyo mwambie daktari siku ileile: nimeumia kazini, saa fulani, kwa mashine fulani. Halafu usiondoke kabla hujaona ameyaandika.

"Msimamizi aliona, basi imeripotiwa."

Nusu yake ni kweli, na nusu hiyo ndiyo inayowaponza watu. Taarifa kwa mwajiri inaweza kuwa ya mdomo, na hata mwenzako anaweza kuitoa kwa niaba yako, mradi itolewe mapema. Sheria inasema haki hufutika ikiwa mwajiri hakuarifiwa ndani ya miezi 12, isipokuwa ithibitike alijua kwa njia nyingine. Lakini nani atathibitisha, wakati msimamizi ameshahamia kampuni nyingine? Andika ujumbe wa simu siku hiyohiyo: tarehe, saa, mahali, kilichokuumiza, walioshuhudia. Uhifadhi.

Kutoka hapo mzigo ni wa mwajiri. Ana siku 7 tangu apate taarifa kuripoti kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, kwa fomu ya DOSH/WIBA 1; mtu akifa, taarifa iende ndani ya saa 24. Na hawezi kukataa kwa kusema "mimi naona hukuumia hapa". Ukishadai umeumia kazini, lazima aripoti, maoni yake yawe yoyote yale. Wiki ya pili ikipita bila kuona nakala ya fomu, nenda mwenyewe ofisi ya DOSH, yaani idara ya Mkurugenzi huyo, katika kaunti yako na karatasi za hospitali. Usimngoje. Dai lenyewe nalo lina miezi 12 tangu siku ya ajali, na anayekuambia "pona kwanza" huenda anahesabu miezi hiyo vizuri kuliko wewe.

"Mimi ni kibarua, sina mkataba." WIBA inamhusu aliyeajiriwa kwa ujira, na mkataba wa mdomo ni mkataba.

"Nilikosea mwenyewe, sidai." Uzembe wa kawaida haukufutii fidia. Kinachoweza kukuzuia ni utovu wa makusudi, na hata huo hauzuii ukibaki na ulemavu mkubwa au ukifa.

"Natafuta wakili, tuanzie kortini." Mahakama ya Juu ilishalimaliza hilo Desemba 2019: dai huanzia kwa Mkurugenzi. Usiporidhika na uamuzi wake, una siku 60 za kuwasilisha pingamizi kwake, naye ana siku 14 za kujibu. Jibu lisipokuridhisha, una siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, na hapo ndipo wakili anapokuwa na kazi ya kufanya.